Tumbo la Hedhi: Kwa Nini Utumbo Hugeuka, na Namna ya Kuutuliza

Siku nne au tano kabla ya hedhi, sketi iliyokaa vizuri wiki iliyopita hugoma kufunga. Choo huwa kigumu au hakiji kabisa, tumbo hujaa gesi na kuunguruma. Kisha damu inapokaribia mambo hugeuka ghafla: chini ya kitovu panasokota, choo kinalainika hadi kuwa majimaji, na asubuhi moja mtu anaweza kukimbilia chooni mara tatu au nne. Ikifika siku ya tatu ya damu yote yametulia, kana kwamba hapakuwa na kitu.

Mwanamke anayepitia haya kila mwezi akienda kulalamika, mara nyingi huambiwa moja kati ya mambo matatu: ana amiba, ana taifodi, au ana chango. Hupewa dawa, hunywa, hupona baada ya siku mbili tatu, na mwezi unaofuata anaanza upya. Hapo ndipo penye tatizo ninalotaka kulichambua. Tumbo la hedhi huisha lenyewe kwa muda uleule ambao dawa yoyote huhitaji ili ionekane imefanya kazi. Kwa hiyo kila dawa hupata sifa isiyo yake, na chanzo chenyewe hakitafutwi.

Hali hii si ya wachache. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2014, uliowahusisha wanawake 156 wenye afya njema, ulikuta asilimia 73 kati yao hupata angalau dalili moja ya tumbo kabla ya hedhi au wakati wa hedhi. Zaidi ya nusu walikuwa na maumivu ya tumbo, na takriban mmoja kati ya wanne alikuwa akiharisha. Hawa hawakuwa wagonjwa wa utumbo. Ni watu wa kawaida ambao utumbo wao unafuata kalenda ya homoni.

Kabla ya damu: utumbo unaosinzia

Baada ya yai kupevuka na kutoka, kifuko kilichoachwa kwenye ovari huanza kutengeneza homoni ya projesteroni. Kazi yake kubwa ni kuuandaa mji wa mimba upokee kiinitete, na sehemu ya maandalizi hayo ni kuituliza misuli yake isijikaze na kukisukuma nje. Misuli ya mji wa mimba ni ya aina inayoitwa misuli laini, ile inayofanya kazi bila sisi kuiamuru. Utumbo nao umezungukwa na misuli ya aina hiyohiyo. Projesteroni husafiri ndani ya damu na kufika kote, kwa hiyo inapotuliza mji wa mimba, inaweza kuutuliza na utumbo.

Utumbo uliotulia husukuma chakula polepole. Kinyesi kikikaa muda mrefu kwenye utumbo mpana, maji mengi zaidi hufyonzwa na choo kinakuwa kigumu. Bakteria nao hupata muda mrefu wa kuchachusha mabaki ya chakula, na gesi wanayoitoa hubaki mahali pamoja badala ya kusukumwa nje. Ndiyo maana maharage yaleyale na kabichi ileile ambayo mtu hula bila shida wiki moja baada ya hedhi humjaza tumbo wiki moja kabla yake.

Niseme wazi kwamba vipimo vya kasi ya chakula tumboni havijakubaliana. Tafiti nyingine zimeona utumbo ukipungua kasi kipindi hiki, nyingine hazikuona tofauti kubwa. Hii ina maana kwamba projesteroni si maelezo ya kila tumbo lililojaa. Maji yanayobaki mwilini nayo yanachangia, na utafiti mwingine wa Kanada wa mwaka 2011, uliowafuatilia wanawake kwa mwaka mzima, ulionyesha kuwa hisia ya kuvimba hufika kileleni siku ya kwanza ya damu, wakati projesteroni tayari imeshashuka. Lakini kwa mwanamke ambaye choo chake hukaza wiki ya mwisho ya mzunguko na kulegea damu inapotoka, utulivu huu wa misuli unaeleza mengi.

Damu inapoanza: utumbo unaosukumwa

Mimba isipotunga, kile kifuko cha kwenye ovari hunyauka na projesteroni hushuka kwa kasi siku chache kabla ya damu. Kushuka huko ndiko kunakowasha mtambo wa pili. Seli za ukuta wa ndani wa mji wa mimba, zikikosa projesteroni, huanza kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizi hufanya mambo mawili. Huibana mishipa midogo ya damu ili ukuta ubanduke, na huikaza misuli ya mji wa mimba ili uusukume nje. Misuli ikijikaza kwa nguvu huku damu inayoifikia imepungua, hukosa oksijeni, na hilo ndilo linalosikika kama msokoto unaoanzia chini ya kitovu na kwenda hadi kiunoni na mapajani.

Prostaglandini hazibaki ndani ya mji wa mimba peke yake. Utumbo umelala jirani kabisa, na baadhi ya kemikali hizi huingia pia kwenye mzunguko wa damu, ndiyo maana wengine hupata kichefuchefu na kuumwa kichwa. Zikifika kwenye utumbo, huikaza misuli yake na kuufanya utoe maji na chumvi badala ya kuvifyonza. Choo kilichokuwa kimekwama wiki nzima husukumwa kwa haraka, kikiwa na maji mengi. Mwanamke hapo haharishi kwa sababu amekula kitu kibaya. Utumbo wake umepokea amri iliyokusudiwa mji wa mimba.

Ushahidi wa jambo hili uko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Wakunga wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri dawa ya misoprostoli, inayotolewa baada ya kujifungua ili mji wa mimba ukaze na damu isivuje. Dawa hiyo ni prostaglandini iliyotengenezwa kiwandani, na moja ya athari zake zinazojulikana sana ni kuharisha. Mzazi aliyemeza misoprostoli na binti aliye siku ya kwanza ya hedhi hupitia kitu kilekile: kemikali ya kukaza mji wa mimba imegusa na utumbo.

Mwezi mmoja wa binti mmoja

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 24 anayefanya kazi dukani, ambaye mzunguko wake ni wa siku 28 na damu huanza Alhamisi. Jumamosi iliyotangulia anaanza kuona tumbo limejaa. Jumapili na Jumatatu hapati choo. Anakunywa soda akiamini itamtoa gesi, na gesi inaongezeka, kwa kuwa soda yenyewe imejaa gesi. Jumatano jioni tumbo linaanza kusokota na choo kinatoka laini. Alhamisi asubuhi damu inaanza, anaharisha mara tatu kabla ya saa nne, na anashindwa kusimama kaunta.

Mchana anapitia maabara ya mtaani. Anapimwa damu kwa kipimo cha Widali na kuambiwa ana taifodi kidogo. Kipimo hicho huangalia kingamwili, ambazo mtu huweza kuwa nazo kwa sababu aliwahi kukutana na bakteria wa jamii hiyo zamani, hivyo kikifanywa mara moja peke yake hakitoshi kuthibitisha kuwa anaumwa sasa. Anauziwa antibiotiki pamoja na metronidazoli, ile tunayoiita flajili. Anaanza kumeza Alhamisi jioni. Jumamosi tumbo limetulia. Yeye, mama yake na muuza dawa wote wanakubaliana kwamba dawa imemponya.

Tuangalie upya siku zile. Prostaglandini huwa nyingi zaidi katika siku mbili za kwanza za damu, kisha hupungua ukuta unapomalizika kubanduka. Jumamosi ni siku ya tatu. Angepona Jumamosi hiyohiyo hata kama asingemeza kitu. Alichokipata kutokana na dawa ni ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu cha ziada, fedha iliyotoka, na bakteria wazuri wa utumbo waliouawa bure. Akirudia hivyo mara sita kwa mwaka, anawafundisha pia bakteria waliobaki namna ya kuishi na antibiotiki hizo, na siku atakapopata taifodi ya kweli zinaweza zisimsaidie.

Kuna namna ya kutofautisha bila maabara. Maambukizi hayajui tarehe. Kuharisha kwa amiba au kwa chakula kichafu huja wakati wowote wa mwezi, mara nyingi kukiambatana na homa, kamasi au damu kwenye choo, na aghlabu mtu mwingine aliyekula chakula kilekile naye anaugua. Tumbo la hedhi halina homa ya kweli, halina damu ndani ya choo chenyewe, na huja siku zilezile kila mzunguko. Binti huyu akiandika kwenye kalenda kwa miezi mitatu siku ambayo tumbo lilijaa, siku choo kilipolegea na siku damu ilipoanza, mstari utajichora wenyewe. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko majibu ya Widali.

Dawa ya maumivu: muda ndio tiba

Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake hufanya kazi kwa kuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Ugunduzi huo ulichangia kumpa Tuzo ya Nobeli mwaka 1982. Kwa mwenye tumbo la hedhi, neno la kushika hapo ni kuzuia kutengeneza. Ibuprofeni, asidi ya mefenamiki na diklofenaki haziondoi prostaglandini ambazo tayari zimeshatengenezwa. Zinafunga mtambo usitoe nyingine.

Kosa ninalolisikia mara nyingi zaidi linatokana na kutolijua hilo. Mtu huvumilia tangu Jumatano jioni, anameza vidonge Alhamisi mchana maumivu yakiwa yamefika kileleni, kisha anasema brufeni haimsaidii. Mtambo ulikuwa umefanya kazi usiku kucha. Dawa humezwa dalili za kwanza zinapoanza, au damu inapoonekana tu, na huendelea kwa saa zilizopangwa kwa siku mbili au tatu, bila kusubiri maumivu yarudi. Kwa ibuprofeni, mtu mzima asiye na kizuizi humeza miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa nane, bila kuzidi miligramu 1,200 kwa siku pasipo ushauri wa daktari. Kwa kuwa prostaglandini ndizo zinazousukuma na utumbo, wengi huona choo nacho kikitulia pamoja na maumivu. Mwenye uwezekano wa kuwa na mimba asubiri damu ianze au apime kwanza.

Dawa hizi zina mipaka inayopaswa kuheshimiwa. Hazimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu inayoamshwa na aspirini, mjamzito, wala anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hazifai pia kwa mtu mwenye homa inayoweza kuwa dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa damu. Wala zisichanganywe zenyewe kwa zenyewe. Ibuprofeni na diklofenaki ni za kundi moja, na kumeza zote mbili hakuongezi nafuu bali huongeza madhara kwa tumbo na figo. Hapa watu hujikwaa bila kujua, kwa sababu madukani kuna vidonge vyenye diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Soma karatasi ya dawa kabla hujaongeza kidonge cha pili.

Panadoli peke yake husaidia kidogo, maana haizuii sana prostaglandini nje ya ubongo, lakini ni salama zaidi kwa mwenye vidonda vya tumbo. Buskopani hulegeza misuli ya utumbo iliyokaza, hivyo huweza kupunguza msokoto, ila haifungi mtambo wenyewe.

Kwa wale ambao hali inawarudia kwa nguvu kila mwezi, njia za uzazi wa mpango zenye homoni, kama vidonge vya kila siku, huufanya ukuta wa mji wa mimba kuwa mwembamba. Ukuta mwembamba hutengeneza prostaglandini chache. Uamuzi huo ufanywe kliniki, kwa kuwa vidonge vyenye estrojeni havimfai mwenye shinikizo la damu, mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona mwanga au vimulimuli, wala aliyejifungua karibuni.

Joto, tangawizi na sahani

Bibi zetu wa pwani waliokanda tumbo kwa kitambaa na maji ya moto walikuwa na hoja. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 uliulinganisha ukanda wa joto la takriban nyuzi 39, unaovaliwa tumboni saa 12 kwa siku, na ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu. Nafuu ilikaribiana. Joto hulegeza misuli na kufungua mishipa ya damu, basi misuli inayolia kwa kukosa oksijeni huipata tena. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa khanga inatosha, mradi isiunguze ngozi. Jambo linalozingatiwa ni muda: dakika tano hazifui dafu, joto linahitaji kukaa, na kurudiwa maji yanapopoa.

Tangawizi nayo imepimwa. Katika tafiti kadhaa, unga wa tangawizi wa gramu moja hivi hadi mbili kwa siku, katika siku tatu au nne za mwanzo, ulipunguza maumivu kuliko dawa bandia. Kiasi hicho ni kama nusu kijiko cha chai hadi kijiko kizima cha unga, kinachogawanywa mara mbili tatu ndani ya maji ya moto. Kikombe cha chai iliyopitishwa kipande kidogo cha tangawizi ni kizuri kwa moyo, lakini kipimo chake hakifikii hapo.

Kwenye chakula, jambo la kukumbuka ni kwamba utumbo wa kabla ya damu na ule wa siku za damu hautaki kitu kimoja. Siku za kujaa, lengo ni kupunguza gesi na kusogeza choo. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji hayo yamwagwe, kwa sababu sehemu ya sukari zinazotoa gesi hutoka na maji. Kabichi na vitunguu vipungue, soda iachwe, chumvi ya ziada mezani isitumike. Papai, maji ya kutosha na kutembea nusu saa jioni husaidia choo kuliko vidonge vya kuharisha, ambavyo vikimezwa Jumanne vitakutana na prostaglandini za Jumatano na kuzidisha dhiki.

Damu ikianza na choo kikilegea, mambo hugeuzwa. Hapo kahawa na chai kali hupunguzwa, kwa kuwa huuchochea utumbo ambao tayari umechochewa. Maziwa mabichi au ya moto huwasumbua watu wazima wengi ambao miili yao haimeng'enyi vizuri sukari ya maziwa, na katika siku hizi usumbufu huonekana zaidi. Mtindi huvumilika vyema, maana bakteria wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Wali mweupe, ndizi mbivu na uji mwepesi hukaa tumboni bila ugomvi. Anayeharisha mara nyingi anywe maji yenye chumvi na sukari ya pakiti za ORS, kwa vile anapoteza maji kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Pale ambapo hedhi si maelezo tosha

Maelezo haya yote yana hatari yake: mtu anaweza kuambiwa ni hedhi tu, akaachwa na ugonjwa mkubwa. Ugonjwa unaofichika zaidi hapa ni endometriosi, ambapo tishu inayofanana na ukuta wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, pengine juu ya utumbo wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Nao hufuata kalenda, ndiyo sababu huchanganywa na tumbo la kawaida la hedhi kwa miaka mingi. Mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, alitumia miaka yake ya mwisho kuueleza umma jinsi ugonjwa huu ulivyomtesa hadi ukafika kwenye mapafu.

Dalili zinazoutofautisha ni hizi: maumivu makali wakati wa kupata choo katika siku za hedhi, damu ndani ya choo siku hizohizo, maumivu ya ndani wakati wa tendo la ndoa, kuchelewa kupata mimba, na maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka au yasiyosikia dawa iliyomezwa kwa muda sahihi kwa mizunguko mitatu. Ultrasaundi ya kawaida inaweza isionyeshe kitu na ugonjwa bado ukawepo, kwa hiyo karatasi isiyo na kasoro isimnyamazishe mwanamke.

Yapo mengine yasiyosubiri. Kuharisha kunakomwamsha mtu usiku, kupungua uzito bila sababu au homa si tumbo la hedhi. Maumivu makali ya upande mmoja kwa mwanamke aliyepitiliza siku zake yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, na huyo aende hospitali saa hiyohiyo. Tumbo lililojaa kila siku kwa wiki kadhaa bila kupungua hata hedhi ikipita, hasa kwa mwanamke aliyefika umri wa kukoma hedhi, linahitaji kuchunguzwa ovari. Uvimbe wa mji wa mimba nao huweza kuukandamiza utumbo na kufunga choo mwezi mzima.

Kwa hiyo ombi langu kwa msomaji ni dogo na linatekelezeka. Kabla ya kununua flajili nyingine, chukua kalenda ya ukutani au simu yako, uandike tarehe tatu kila mwezi kwa miezi mitatu: tumbo lilipojaa, choo kilipolegea, damu ilipoanza. Zikienda pamoja, tibu prostaglandini kwa wakati wake, kwa dawa sahihi na joto. Zisipoenda pamoja, au zikienda pamoja na mojawapo ya dalili za hatari, nenda na kalenda hiyo kwa daktari, uiweke mezani, na usikubali kurudishwa nyumbani kwa neno moja kwamba ndivyo wanawake walivyo.